Mlango wa Kutokea Ndio Unaoharibu Hesabu

Kila Agosti, maonesho ya Nanenane yanapofanyika katika viwanja vya Nyamhongolo, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, waandaaji hutaja kwa fahari idadi ya watu walioingia kwa siku. Idadi hiyo ina kazi zake, hasa kwa mhasibu na kwa wafadhili, lakini haimwelezi mtu yeyote kama banda fulani lilikuwa salama saa 9 alasiri. Banda linaweza kupokea watu 8,000 kwa siku nzima bila tatizo lolote, na banda hilohilo likawa la hatari kwa dakika 10 kwa sababu watu 300 walikuwamo kwa wakati mmoja. Usalama unategemea waliomo ndani sasa hivi, na waliomo ndani ni walioingia wakitolewa waliotoka. Hesabu hiyo ya kutoa inaonekana rahisi mno, na kwa kuwa inaonekana rahisi, hukabidhiwa vijana wawili wenye vihesabio vya kubonyeza kwa kidole, kisha hakuna anayeiuliza tena hadi jioni.

Hoja yangu ni kwamba njia hiyo ya vihesabio viwili, ikiachwa peke yake katika banda lenye msongamano, hukosea kuelekea upande wa hatari, na kwamba ipo njia ya zamani zaidi, ya kadi za plastiki zenye idadi maalumu, ambayo makosa yake mengi huangukia upande wa salama. Ili hoja isibaki hewani, nitachukua banda moja la kubuni katika viwanja vya aina hiyo: banda la wanyamapori, ambalo kila mtu aliyewahi kwenda Nanenane anajua kwamba ndilo linalovuta watoto, wazazi wao na walimu wao kabla ya banda la mbegu au la pembejeo.

Tuanze na kikomo chenyewe, kwa kuwa kuhesabu bila kikomo kilichokokotolewa ni kujifurahisha tu. Banda letu lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 15, yaani mita za mraba 600. Vizimba, meza za waoneshaji na nafasi iliyozungushiwa kamba mbele ya vizimba vinachukua mita za mraba 240, hivyo nafasi ambayo miguu ya mgeni inaweza kukanyaga ni mita za mraba 360. Kwa ukumbi ambao watu wanakusanyika bila kubanana, kipimo kinachotumika sana katika kanuni za majengo, zile za Kimarekani zikiwamo, ni mita za mraba 1.4 kwa kila mtu. Ukigawanya unapata watu 257. Wengi huishia hapo na kuandika 257 kwenye karatasi, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu sakafu ni nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni milango.

Banda lina milango miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, kila mmoja ukiwa na upana wa mita 1.2. Katika kupima uwezo wa kutoka wakati wa dharura, wataalamu hudhani kwamba mlango mmoja hautumiki, kwa kuwa moto au kitu kilichoanguka huweza kuwa mbele yake hasa. Unabaki na mlango mmoja wa mita 1.2. Kipimo cha kawaida ni milimita 5 za upana wa mlango kwa kila mtu, na milimita 1,200 zikigawanywa kwa 5 zinatoa watu 240. Kikomo cha banda ni ile namba ndogo kati ya mbili, yaani 240, na wala si 257. Mtu anayetaka kuongeza wageni katika banda hili hana sababu ya kurefusha turubai; atoboe mlango wa tatu, kisha akokotoe upya, na ataona kwamba sasa sakafu ndiyo inayombana.

Namba 240 inajumuisha kila pumzi iliyomo ndani. Tuseme waoneshaji, watunza wanyama na walinzi ni 18. Wageni wanaoruhusiwa kuwamo kwa wakati mmoja ni 222, na namba hii ndiyo itakayotufuata hadi mwisho wa makala.

Mgeni wa kawaida anakaa ndani dakika 15. Kama banda limejaa kihalali muda wote, basi kwa kila dakika wanaweza kuingia watu 222 wakigawanywa kwa 15, yaani karibu 15 kwa dakika, au 888 kwa saa. Banda likifunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, watapita watu wapatao 8,000. Katika mfano wetu, kijana aliyeko mlango wa kuingilia atabonyeza kihesabio mara 8,000 na mwenzake wa mlango wa kutokea vivyo hivyo, na kile tunachokitaka ni tofauti kati ya namba hizo mbili kubwa, tofauti ambayo haipaswi kuzidi 222.

Kosa dogo katika namba kubwa linakuwa kosa kubwa katika tofauti yao. Tuseme kijana wa kuingilia ni makini kiasi kwamba anamkosa mtu mmoja tu kati ya 100. Anamkosa kwa sababu zinazoeleweka: familia ya watu saba inapita kwa pamoja huku baba akiuliza bei, mtoto anapita chini ya mkono wa mama, kidole kinabonyeza mara sita badala ya saba. Kijana wa kutokea, tuseme, hakosei kabisa. Ilipofika saa 7 mchana, watu zaidi ya 3,500 wameshaingia na 35 kati yao hawakuhesabiwa. Kihesabio kinasema wamo 222, lakini wamo 257. Ikifika jioni, waliokosewa ni 80, na banda ambalo karatasi inasema lina wageni 222 lina wageni 302. Ukiongeza wale 18 unapata watu 320 katika jengo ambalo mlango wake mmoja unatosha watu 240.

Kosa hilo la watu 80 lina maana gani kwa dakika? Mwongozo wa usalama wa viwanja vya michezo wa Uingereza huchukua kwamba katika njia tambarare, watu 82 kwa dakika ndio wengi wanaoweza kupita katika kila mita moja ya upana. Mlango wetu wa mita 1.2 unapitisha watu kama 98 kwa dakika katika hali nzuri. Watu 240 watatoka kwa takriban dakika 2 na nusu. Watu 320 watahitaji zaidi ya dakika 3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa anayeisoma akiwa ameketi, lakini kiwango cha watu 98 ni cha watu wanaotembea. Wakianza kusukumana mlangoni kinashuka, na kinachowafanya wasukumane ni kule kuona kwamba walio mbele yao hawasogei.

Jambo ambalo wasomaji wengi watalishangaa ni kwamba kosa la asilimia moja katika milango yote miwili halina madhara makubwa. Kama kijana wa kutokea naye angemkosa mtu mmoja kati ya 100, makosa hayo yangefutana karibu yote, na kihesabio kinaposema 222 ndani wangekuwamo 224 tu. Tatizo ni milango kukosea kwa viwango tofauti, na milango hukosea kwa viwango tofauti karibu kila mara, kwa kuwa kazi zake hazifanani. Anayeingia anasimama, anatoa pesa au anaonesha tiketi, anatazamwa usoni. Anayetoka hana sababu ya kusimama. Watu hutoka kwa mafungu, wengine wakirudi nyuma kumwita mwenzao, na mlinzi wa mlango huo kwa kawaida ndiye aliyepangwa mwisho, asiye na kiti wala kivuli, na huitwa akasaidie kwingine pindi kazi inapozidi kwingine.

Akimkosa mtu anayetoka, kihesabio kitaonesha wengi kuliko waliomo, na hilo kwa usalama si baya: foleni itasubiri bure. Ubaya unakuja baada ya hapo. Msimamizi anatazama ndani, anaona nafasi, anaona kihesabio kinasema pamejaa, anasema mashine imepotoka, anaipunguza kwa kukadiria kwa macho. Kuanzia hapo namba iliyoko kwenye kihesabio ni maoni ya msimamizi. Na yupo mgeni mwingine anayevuruga zaidi: aliyesahau mwavuli akarudi ndani kupitia mlango wa kutokea. Mlinzi asipomrekodi, kosa ni la mtu mmoja. Kukiwa na kifaa cha mwale kinachohesabu kila kitu kinachokatiza bila kujua mwelekeo, mtu huyo aliyeingia atahesabiwa kama ametoka, na kosa ni la watu wawili kwa mara moja, upande wa hatari.

Njia ya kugundua kwamba hesabu imepotoka ni moja tu iliyo ya uhakika, nayo ni banda tupu. Banda likifungwa jioni na mgeni wa mwisho akitoka, tofauti ya vihesabio inapaswa kuwa sifuri. Ikisoma 60, basi kuna waliotoka bila kuhesabiwa. Ikisoma hasi 80, yaani waliotoka ni wengi kuliko walioingia, basi mlango wa kuingilia ndio uliovuja, na mchana kutwa mlikuwa juu ya kikomo bila kujua. Ningependa kila mwandaaji aandike namba hiyo ya jioni kwenye daftari. Nina shaka kama wengi huiangalia, kwa sababu vihesabio hurudishwa sifuri kwa kubonyeza kitufe, na kitufe hicho hubonyezwa kabla ya kufunga hesabu.

Ikiwa banda ni la kutwa nzima, jioni ni kuchelewa mno, hivyo hesabu isahihishwe katikati ya siku. Mlango wa kuingilia ufungwe kwa dakika 20 saa 7 mchana, watu waachwe watoke wenyewe mpaka banda liwe tupu, hesabu ianze upya kutoka sifuri. Kwa mahesabu yetu, kosa la asilimia moja halitazidi 45, badala ya kufika 80. Ukifanya hivyo mara mbili kwa siku, saa 6 na saa 9, halizidi 30. Ni gharama ya wageni mia chache, na ndiyo bei ya kutumia vihesabio.

Tatizo la pili la vihesabio ni la wakati. Tuseme tumeongeza mlango wa pili wa kuingilia huku tukikiacha kikomo palepale, na walinzi wa milango yote wanaripoti kwa redio za mkononi kila baada ya dakika 2 kwa mtu mmoja anayejumlisha. Milango miwili ya kuingilia inaweza kupitisha watu 20 kwa dakika ikiachwa wazi. Anayejumlisha akisema kwa redio kwamba wamo 210, kila mlango unasikia kuwa nafasi 12 zimebaki, na kila mlango unadhani nafasi hizo ni zake. Baya zaidi, kati ya ripoti moja na nyingine wanaweza kuingia watu 40, na hakuna sheria inayowalazimisha waliomo ndani watoke kwa kasi ileile. Saa ya kumlisha simba hakuna anayetoka. Kwa hiyo, anayetumia redio na vihesabio asisimamishe foleni akifika 222. Asimamishe akifika 182, ili hata wale 40 wakiingia kwa pamoja na asitoke hata mmoja, kikomo kisivukwe. Pengo hilo linapatikana kwa kuzidisha kasi ya kuingia kwa muda wa kuchelewa kwa taarifa, na mwandaaji asiyelijua pengo lake hana kikomo, ana matumaini.

Sasa njia ya kadi. Zinatengenezwa kadi 222 za plastiki ngumu, za rangi inayoonekana kwa mbali, zenye namba. Mgeni anapewa kadi anapoingia na kuiacha kwenye sanduku anapotoka. Mtu wa kubeba anachukua kadi kutoka mlango wa kutokea na kuzipeleka mlango wa kuingilia. Kadi zikiisha mlangoni, foleni inasimama mpaka kadi zirudi. Hakuna anayehesabu, hakuna redio, hakuna kujumlisha. Mradi hakuna aingiaye bila kadi na hakuna kadi irudiyo bila mtu wake kutoka, wageni waliomo hawawezi kuzidi 222 kwa dakika yoyote, si kwa wastani wala kwa makadirio. Kukiwa na milango miwili ya kuingilia, kadi zinagawanywa, 111 huku na 111 kule, na kila mlango unafanya kazi na sanduku lake bila kumuuliza mwenzake. Ule mgogoro wa nafasi 12 zinazodaiwa na milango miwili haupo tena, kwa kuwa kadi moja haiwezi kuwa mikononi mwa walinzi wawili.

Uzuri wake hasa uko katika namna inavyokosea. Mgeni mmoja kati ya 200 akiondoka na kadi mfukoni, kwa saa moja zitapotea kama 4, na baada ya saa 6 zitakuwa zimepotea 24. Banda sasa linapokea wageni 198 badala ya 222. Foleni inarefuka, wauza tiketi wanalalamika, lakini hakuna aliyewekwa hatarini. Hata ujanja wa vijana wanaotoka na kadi na kuwapa marafiki zao nje, ambao wataingia nayo wakidai walikuwa ndani, hauvunji hesabu: mmoja ametoka, mmoja ameingia, kadi ni ileile. Aliyeibiwa ni mwenye kiingilio, na hilo ni suala lake.

Kadi zina gharama, nayo ni muda zinaokuwa njiani. Kadi ikikaa sandukuni wastani wa dakika 1 na ikibebwa kwa dakika 1, mzunguko wake ni dakika 17 badala ya 15. Ukigawanya 222 kwa 17 unapata watu 13 kwa dakika; ndani wamo 196 na kadi 26 ziko njiani. Kwa saa moja wanaingia watu 784, pungufu ya 888 kwa zaidi ya 100. Hapo ndipo mwandaaji anaposhawishika kuchapisha kadi 26 za ziada ili kufidia zile zilizoko njiani. Asifanye hivyo. Kadi zilizoko njiani leo mchana zinaweza kuwa 5 kesho asubuhi, wakati mbebaji ana nguvu na wageni ni wachache, na kadi za ziada zitakuwa watu wa ziada. Kama anataka wale 100, aongeze mbebaji wa pili au apunguze umbali kati ya milango.

Kuhusu kupunguza umbali niweke tahadhari, maana suluhisho la haraka ni kuweka mlango wa kuingilia na wa kutokea ubavu kwa ubavu. Hilo linafaa kukiwa na ukuta au uzio imara kati yao, mrefu kupita mwisho wa foleni. Bila uzio, wanaotoka wanakutana na wanaosubiri. Huko Duisburg, Ujerumani, tarehe 24 Julai 2010, katika tamasha la muziki la Love Parade, njia kuu ya kuingia ndiyo ilikuwa pia ya kutoka, na watu 21 walikufa katika msongamano uliotokea hapo, nje ya eneo la tamasha lenyewe. Kikomo cha ndani hakikuwasaidia watu waliokuwa bado hawajaingia. Kila unapofunga mlango wa banda unahamishia umati nje, kwa hiyo foleni nayo inahitaji nafasi yake, vyuma vya kuipanga na mtu wa kuwaambia walioko nyuma kwamba wamesimamishwa na kwa nini.

Kadi nazo zina mahali zinapovunjika, na anayezitumia lazima apajue. Pa kwanza ni makundi ya shule. Mwalimu anafika na wanafunzi 45, na kwa nia njema kabisa anasema apewe yeye kadi 46 azishike ili watoto wasizipoteze. Mwalimu akitoka kwanza kuwatafutia wanafunzi usafiri, akaziacha kadi zote sandukuni, mlango wa kuingilia utapokea kadi 46 na kuingiza watu wapya 46, huku watoto 45 wangali mbele ya kizimba. Sheria ya mlango wa kutokea iwe kwamba mkono mmoja unatoa kadi moja. Fungu la kadi halipokelewi kwa namna yoyote, hata kutoka kwa mwalimu mkuu. Vivyo hivyo mama mwenye mtoto mgongoni anapewa kadi mbili, ya pili ikifungwa kwenye kanga au begi la mtoto. Najua watakuwapo watakaosema mtoto wa mgongoni hachukui nafasi. Atashushwa akaone simba.

Pa pili ni mgeni rasmi. Katika nchi yetu mgeni rasmi haji peke yake. Anakuja na msafara, na hakuna mlinzi wa mlango atakayemwomba katibu wa wilaya achukue kadi. Sipendekezi kwamba aombwe. Kinachotakiwa ni kufahamu kwamba msafara wa watu 40 ni kadi 40, na kwamba kadi hizo zitengwe kabla hawajafika: dakika kadhaa kabla, mlango usitishe kuingiza, kadi 40 za kwanza zinazorudi ziwekwe kwenye mfuko wa pembeni, na zibaki humo mpaka mtu wa mwisho wa msafara atoke. Ratiba ya mgeni rasmi hujulikana tangu asubuhi, hata kama saa yake huteleza. Wapiga picha, askari wa msafara na wale wanaojiunga nao mlangoni wakijifanya wamo, wote wahesabiwe ndani ya 40, na ni afadhali kutenga 60.

Kadi zilizopotea zirudishwe lini? Wakati banda lina watu, huwezi kujua kama kadi isiyoonekana iko mfukoni mwa mtu aliyekwishapanda daladala kuelekea Igoma au mfukoni mwa mtu aliyesimama nyuma ya nguzo. Kuongeza kadi wakati huo ni kubahatisha. Zinaongezwa banda likiwa tupu tu: hesabu zilizopo, toa kutoka 222, jaza pengo, na zile mpya ziwe na namba za zile zilizopotea pamoja na alama, ili kadi ya zamani ikijitokeza kesho yake mlinzi wa mlango wa kutokea aiweke pembeni na isirudi kwenye mzunguko.

Kuna jambo moja ambalo si kadi wala vihesabio vinavyoweza kuliona. Milango inajua waliomo ni wangapi. Haijui wamesimama wapi. Wageni 222 katika mita za mraba 360 ni hali ya kupumua vizuri, lakini simba akinguruma, watu 120 kati yao wanaweza kujibana katika mita za mraba 25 mbele ya kizimba kimoja, yaani karibu watu 5 kwa mita moja ya mraba, kiwango ambacho mtu haamui tena mwenyewe pa kukanyaga. Kwa kizimba hicho kunahitajika kamba ya pili, njia ya upande mmoja na mlinzi wa kuwasogeza, na ratiba ya kulisha isitangazwe kwa kipaza sauti. Kifaa cha mlangoni kisidaiwe kazi ya ndani.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa tofauti kati ya kuwa na kikomo na kukilinda. Kivuko MV Nyerere kilichozama karibu na Ukara, Ukerewe, Septemba 20, 2018, kilikuwa na uwezo ulioandikwa wa watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya namba hiyo. Kikomo kilikuwapo kwenye karatasi. Na kivuko, kwa hesabu, ni kitu chepesi kuliko banda: kinapakia mara moja, kinaondoka, kinashusha, kinaanza upya na sitaha tupu. Banda linapakia na kushusha kwa pamoja kwa saa 9 mfululizo, na ndiyo maana haliwezi kulindwa na mtu anayetazama na kusema bado kuna nafasi.

Limebaki swali la nani anashika kadi za akiba, na kwangu hili lina uzito kuliko aina ya plastiki. Anayeuza tiketi analipwa kwa wingi wa wanaoingia; asikabidhiwe hata kadi moja ya ziada. Msimamizi wa banda anasukumwa na foleni, na saa 10 jioni foleni ikifika barabarani atakuwa na kila sababu ya kuongeza 20. Akiba ikae kwenye sanduku lililofungwa kwa ofisa wa Zimamoto na Uokoaji aliyeko uwanjani, na lifunguliwe banda likiwa tupu, mbele ya daftari linaloandikwa saa, kadi zilizopo, kadi zilizoongezwa na sahihi mbili. Na king'ora kikilia, mlinzi wa mlango wa kutokea alipige teke sanduku lake litoke njiani, milango yote miwili iwe ya kutokea, na asiwepo mtu wa kuulizwa kadi. Zikishatawanyika hivyo, seti yote ya 222 inahesabiwa upya kabla ya mgeni wa kwanza kuruhusiwa kuingia tena.